Ninavyokagua noti ya dola 100 kwa picha za simu, na pale picha inapogota

Mtumaji yuko Lubumbashi au Unguja, noti iko mkononi mwake, na swali ni lile lile: "Kaka, hii ni feki?" Picha anayoituma mara ya kwanza huwa noti imelazwa mezani, taa ya dari iko juu yake, wakati mwingine na fleshi imewaka. Kwa picha hiyo naona rangi, namba na mikunjo, basi. Alama ya maji, uzi wa usalama na chapa iliyoinuka havionekani kwa sababu mwanga unatoka mahali pasipofaa. Kila alama inataka taa yake mahali pake, na kazi yangu kubwa ni kumwelekeza mtu aisogeze taa.

Picha ile ya kwanza siitupi, naisomea namba. Dola 100 kuanzia Series 1996 ina herufi mbili, tarakimu nane, kisha herufi moja au nyota. Herufi ya kwanza inafungamana na toleo: Series 2006A huanza na K, 2009A na L, 2013 na M. Herufi ya pili ni ya benki ya mkoa ya Federal Reserve, nayo inarudiwa kwa maandishi madogo chini ya namba ya kushoto ikiwa na tarakimu yake: B2 ni New York, L12 ni San Francisco. Noti iliyoandikwa Series 2013 huku namba yake ikianza na L imeshajikataa yenyewe, hata kabla ya kuomba picha nyingine. Vivyo hivyo noti mbili za bunda moja zenye namba moja. Namba zikikubaliana, hapo sijapata kitu, kwa kuwa anayetengeneza bandia anaweza kunakili namba ya noti halali kama ilivyo.

Sasa mwanga wa nyuma. Namwambia azime taa ya chumbani na asimame mbele ya dirisha lenye mwanga wa mchana usio na jua kali, au afungue ukurasa mweupe kwenye kompyuta na kuongeza mwangaza wa skrini hadi mwisho. Akitumia skrini, noti aiweke mbali nayo kama upana wa vidole vitatu, la sivyo vidoti vya skrini vitaingia kwenye picha na kuchora mistari ya mawimbi ambayo mtu anaweza kuidhania ni uzi. Tochi ya simu siipendi: inachoma doa moja jeupe katikati na kuacha kingo gizani.

Kosa la hatua hii hutokana na simu yenyewe. Ikiona mwanga mkali nyuma, inapunguza mwangaza wa picha nzima na noti inatoka nyeusi. Au HDR ya kamera inajaribu kusawazisha kila kitu, na ule utofauti mdogo kati ya sehemu nzito na nyepesi za karatasi unafutika. Zima HDR kama simu inaruhusu. Kisha gusa skrini kwenye nafasi tupu ndani ya noti, upande wake wa kulia, ushikilie mpaka ulengaji ufunge (kwenye iPhone utaona AE/AF LOCK), halafu pandisha au shusha mwangaza kwa kidole. Piga picha tatu zenye mwangaza tofauti, na ugeuze noti upige upande wa nyuma pia.

Ninachotafuta kulia ni uso wa Benjamin Franklin, wenye vivuli vinavyofifia taratibu bila ukingo mkali, kwa sababu alama ya maji ni unene wa karatasi wenyewe na haina wino. Kushoto mwa picha yake kubwa natafuta uzi uliosimama wima, wenye herufi USA na namba 100 kwa kupokezana. Vyote viwili vionekane kwa pande zote mbili. Halafu narudi kwenye picha ya kwanza, ile ya mezani, na kuangalia sehemu zile zile. Kama uso ule unaonekana vizuri hata bila mwanga wa nyuma, umechapwa juu ya karatasi kwa wino hafifu. Kama uzi ni mstari wa kijivu unaoonekana mchana kweupe, nao umechorwa. Ulinganisho huu wa picha mbili unanifaa kuliko picha moja nzuri kiasi gani.

Chukua mfano wa noti ya sura ya zamani, Series 2003, isiyo na utepe wa buluu. Kukosa utepe si kosa, maana utepe ulikuja na sura mpya iliyotolewa Oktoba 2013, na noti za kabla ya hapo bado ni halali Marekani hata kama maduka mengi ya kwetu yanazikataa au kuzikata bei. Picha ya mezani iko safi. Karatasi ina nyuzi ndogo nyekundu na buluu. Kalamu ya kukagulia noti imepita bila kuacha alama nyeusi. Kwenye mwanga wa nyuma alama ya maji ipo, laini, haina ukingo. Lakini uso ule una ndevu, na picha ikikuzwa, uzi unasoma USA FIVE. Hii ni dola 5 ya zamani iliyooshwa wino na kuchapwa upya kama 100. Ndevu ni za Abraham Lincoln. Kalamu ilipita kwa sababu iodini yake inatafuta wanga wa karatasi ya kawaida, na karatasi hapa ni halali kabisa, ya pamba na kitani. Aliyeuliza tu "alama ya maji ipo?" angejibiwa ipo na kupoteza pesa zake. Swali linalofaa ni: ni uso wa nani, na uzi unasema nini? Mwaka 2008 dola 5 ilibadilishwa kwa ajili ya ujanja huu: uzi ukahamishiwa kulia mwa picha na alama ya maji ikawa tarakimu 5.

Chapa iliyoinuka ndiyo inayowashinda wengi kwenye picha, na sababu yake ni hesabu. Tuseme wino umeinuka milimita 0.03 juu ya karatasi. Taa ikiwa juu kwa nyuzi 45, kivuli chake nacho kina urefu wa milimita 0.03. Noti ina urefu wa milimita 156 hivi. Simu yenye picha ya pikseli 4,000 kwa upana, noti ikijaza fremu, inatoa kama pikseli 25 kwa kila milimita. Kivuli hicho hakifiki hata pikseli moja. Shusha taa hadi nyuzi 10, karibu ilale na meza, kivuli kinarefuka hadi milimita 0.17, yaani pikseli nne. Hapo kuna cha kuona.

Kwa hiyo: chumba kiwe giza, noti ibanwe bapa mezani kwa vitu viwili pembeni, tochi ya simu ya pili ilazwe mezani umbali wa sentimita 20 hivi ikimulika kutoka kushoto. Lenga bega la Franklin upande wa kushoto wa noti, ndiko kunakokwaruza kidole. Usisogeze simu karibu mno, kamera nyingi hushindwa kulenga chini ya sentimita kama 8 hadi 10. Rudi nyuma na ukuze mara mbili. Piga. Halafu, bila kugusa noti wala kamera, hamisha tochi kulia na upige tena. Mistari iliyoinuka kweli hubadilisha upande wa kivuli: palipong'aa panakuwa na giza. Kivuli cha kuchorwa kinabaki pale pale katika picha zote mbili. Picha moja ya mwanga wa ubavuni sikubali kuitolea jibu.

Na hata hizo mbili zina udhaifu. Noti iliyozunguka miaka mingi imelala wino wake, hivyo kukosa kivuli kwenye noti chakavu hakunipi ruhusa ya kuiita bandia. Mikunjo inatupa vivuli vikubwa kuliko wino. Bandia nyingine zimekandamizwa ili ziinuke. Kidole kinatofautisha mkwaruzo wa wino mkavu na uvimbe wa karatasi iliyobonyezwa, lakini kamera haitofautishi.

Kabla ya kutuma, jambo dogo linaloharibu kazi yote: WhatsApp inabana picha. Ikishushwa hadi pikseli 1,600, zile 25 kwa milimita zinakuwa 10, na vile vivuli vya pikseli nne havifiki pikseli mbili. Maandishi madogo kwenye ukosi wa koti la Franklin, The United States of America, yanageuka mstari wa ukungu hata kwenye noti halali. Tuma kama Document, si kama picha. Simu nyingine hunoa picha zenyewe na kuzalisha kingo ambazo hazipo kwenye karatasi, kwa hiyo herufi zilizovunjika kwenye picha nazihesabu kama sijaziona.

Kwa utepe wa buluu na wino unaobadilika, picha tuli haina msaada. Bluu inapigwa chapa kirahisi. Naomba video ya sekunde kumi, taa moja, simu imetulia, noti ndiyo ipinduliwe. Noti ikiinamishwa mbele na nyuma, kengele ndani ya utepe zinageuka kuwa 100 na kuteleza kwenda kando. Ikiinamishwa kushoto na kulia, zinapanda na kushuka. Kengele ndani ya kidau cha wino inatoka rangi ya shaba kwenda kijani. Mng'ao unaokimbia tu kama karatasi ya zawadi, bila kengele kugeuka, si utepe huo. Kuhusu taa ya urujuanimno, uzi wa dola 100 unawaka waridi, ila kamera inajirekebishia rangi yenyewe, na tochi za bei rahisi zinamwaga zambarau inayofunika kila kitu. Nauliza aliyeshika noti anaona rangi gani kwa macho yake, kisha ninaandika kwamba nimeambiwa.

Linabaki tatizo lisilo na taa wala pikseli: picha ni ya noti moja, na inayokabidhiwa inaweza kuwa nyingine. Video naitaka ianze kwenye namba na isikatwe, na jibu langu haliwi "iko sawa". Linakuwa hivi: "Series 2013, herufi MB, mwisho 47. Uso na uzi vimekubali kwa pande mbili. Kivuli cha bega kimegeuka. Kengele ya kidau haikuonekana vizuri. Karatasi sijaishika. Noti nyingine za bunda sijaziona."