Programu niliyoifuta, lakini simu ikasema bado ipo

Nilipotaka kuhamia toleo la programu yangu ya kuandikia madokezo linalotolewa na mtengenezaji mwenyewe, kwanza simu iliniambia: "There was a problem parsing the package." Nililinganisha ukubwa wa faili na ule ulioandikwa kwenye ukurasa wa kupakulia, nikaona langu ni MB 19 badala ya MB 31, maana mtandao ulikatika katikati ya upakuaji. Nililipakua upya, na ujumbe huo haukurudi.

Uliofuata ndio ulionisumbua: "App not installed as package conflicts with an existing package." Kila programu ya Android hutiwa saini kwa ufunguo wa mtoaji wake, na simu hukubali toleo jipya juu ya la zamani iwapo tu saini zinalingana, ili mtu mwingine asije akajipenyeza kwa jina lilelile na kusoma data zako. Toleo langu la zamani lilitoka kwenye duka la programu, ambako lilikuwa limetiwa saini kwa ufunguo mwingine, kwa hiyo ilinibidi niliondoe kwanza. Nilihamisha madokezo yote kwenye faili la akiba, kwa kuwa kuondoa programu hufuta pia data zake, kisha nikaiondoa. Ujumbe ukabaki uleule.

Niliunganisha simu na kompyuta kwa waya, nikajaribu kusakinisha kwa adb, zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, kwa sababu hiyo hutaja kosa kwa jina lake. Jibu lilikuwa INSTALL_FAILED_UPDATE_INCOMPATIBLE, yaani kwa hakika kulikuwa na nakala ya zamani mahali fulani ndani ya simu. Hapo nikaomba orodha ya watumiaji:

```
adb shell pm list users
```

Wakatokea wawili: mimi, mwenye namba 0, na mwanangu, mwenye namba 10, ambaye nilimfungulia akaunti yake nikasahau kabisa kwamba naye aliiweka programu hiyo. Kila mtumiaji ana data zake, lakini faili la programu ni moja kwa simu nzima na saini yake ni moja, hivyo kuiondoa upande wangu hakukuiondoa kwake. Niliporudi kwenye orodha ya programu katika mipangilio, niliikuta bado ipo, na chini ya jina lake pameandikwa "Not installed for this user", maneno ambayo ningeyaona mapema laiti ningeiteremsha orodha ile hadi mwisho.

Niliingia kwenye akaunti ya mwanangu, nikahifadhi madokezo yake pia, kwa kuwa hatua iliyofuata ingeyafuta. Kisha nikarudi kwangu, nikafungua ukurasa wa programu ile katika mipangilio, nikagusa vitone vitatu vya juu na kuchagua "Uninstall for all users". Toleo jipya lilisakinishwa mara moja, nami nikayarudisha madokezo kutoka kwenye faili la akiba.