Jibu langu lilianzia mahali sahihi, lakini halikuwa sahihi

Swali lilikuwa la mstari mmoja. Tulipewa dy/dx = 2x(y − 3), na sharti la mwanzo kwamba x ikiwa 0, y ni 1. Tulikaa watatu, kila mtu na daftari lake, na tulipomaliza tukakuta tuna majibu matatu. Mimi nilipata y = e^(x²). Wa pili alipata y = 3 + 2e^(x²). Wa tatu, y = 3 − 2e^(x²).

Nilikuwa na hakika na langu, kwa sababu nilikuwa nimelihakiki. Niliweka x = 0 nikapata e^0, yaani 1, kama swali lilivyotaka. Mpaka siku ile hiyo ndiyo iliyokuwa hakiki yangu ya siku zote kwa milinganyo tofautishi: naangalia kama jibu linaanzia panapotakiwa, basi. Mwenzangu wa pili alikuwa na mazoea yake pia. Yeye hutafuta mteremko wa jibu lake, kisha anaurudisha kwenye mlinganyo. Akatuonyesha: mteremko wa 3 + 2e^(x²) ni 4x·e^(x²). Upande wa kulia, y − 3 ni 2e^(x²), na ukiizidisha kwa 2x unapata 4x·e^(x²). Pande mbili zimelingana.

"Lakini weka sifuri," nikamwambia. Akaweka, akapata 5. Swali linasema 1.

"Na wewe rudisha lako kwenye mlinganyo," akanijibu.

Hapo ndipo nilipokaribia kujidanganya. Ili nisipoteze muda nilijaribu palepale kwenye x = 0. Mteremko wa e^(x²) ni 2x·e^(x²), na kwenye sifuri ni 0. Upande wa kulia, 2x(y − 3), nao kwenye sifuri ni 0. Nikasema zimelingana. Yule wa tatu, ambaye alikuwa kimya muda wote, akaniambia nijaribu x = 1. Kushoto nikapata 2e, kama 5.44. Kulia nikapata 2(e − 3), kama −0.56. Hata alama hazikufanana, moja chanya na nyingine hasi.

Nilirudi kuangalia kwa nini sifuri ilinificha kosa. Ile 2x iliyo mbele ya mabano inageuka sifuri pale x inapokuwa sifuri, kwa hiyo upande wa kulia unakuwa sifuri hata y iwe namba gani. Jibu lolote lenye mteremko sifuri mahali pale lingepita. Tangu hapo, nikijaribu kwa namba, nachagua x ambayo haifuti kitu chochote ndani ya mlinganyo. Tena naichukulia namba hiyo kama njia ya kukamata kosa tu. Namba moja ikikataa, jibu limekufa. Ikikubali, bado sijathibitisha chochote, na lazima nirudishe jibu zima kwa herufi kama alivyofanya mwenzangu.

Kosa langu lenyewe lilikuwa wapi? Nilitenganisha vigeu vizuri: dy/(y − 3) = 2x dx. Nikaintegreti, nikaandika ln|y − 3| = x², bila konstanti. Kisha nikaondoa logarithi nikapata y = 3 + e^(x²), ndipo nikakumbuka C na kuibandika mwishoni: y = 3 + e^(x²) + C. Nikaweka sharti la mwanzo: 1 = 4 + C, kwa hiyo C = −3, na ile 3 ikajifuta. C yangu ilikuja kwa kuchelewa, ikawa ya kujumlisha. Ingewekwa palepale kwenye kuintegreti, x² + C ingekuwa ndani ya e, na baada ya kufungua ingekuwa ya kuzidisha. Ubaya wa kosa hili ni kwamba C iliyochelewa bado inaweza kurekebishwa ili ikidhi sharti la mwanzo. Ndiyo maana hakiki yangu ya zamani isingeweza kuliona kamwe.

La mwenzangu lilikuwa kinyume chake. Aliweka C kwa wakati, akapata C = ln 2, na kufika |y − 3| = 2e^(x²). Kisha akatoa zile alama za thamani kamili bila kuuliza kilichomo ndani ni chanya au hasi. Mwanzoni y ni 1, kwa hiyo y − 3 ni −2, namba hasi. Alama ya kutoa inabaki: y − 3 = −2e^(x²). Jibu lake linatosheleza mlinganyo, ila ni mkunjo mwingine wa mlinganyo uleule, unaoanzia 5. Kwa hiyo jibu la kweli lilikuwa la yule wa tatu. Mteremko wake ni −4x·e^(x²), upande wa kulia ni 2x kuzidisha −2e^(x²), na kwenye sifuri linatoa 3 − 2 = 1.

Kuna jambo ambalo sasa nalifanya kabla sijaanza kuintegreti, na huchukua nusu dakika. Nausoma mlinganyo wenyewe. Hapa y inaanzia 1, chini ya 3, kwa hiyo y − 3 ni hasi. Pindi x inapopita sifuri kwenda upande wa chanya, mteremko ni hasi, yaani mkunjo lazima ushuke. Jibu langu e^(x²) linapanda. Ningelitupa bila hesabu yoyote.

Pia nalirudisha kila jibu kwenye mlinganyo wa asili kama ulivyoandikwa kwenye swali, wala si kwenye mstari wa vigeu vilivyotenganishwa. Nikigawa kwa y − 3 tayari nimeifukuza y = 3. Swali hilohilo likianza na y(0) = 3, njia ya logarithi inakwama kwenye ln 0, ilhali jibu lipo: y = 3 kwa kila x. Mteremko ni 0, na upande wa kulia ni 0.

Nilidhani hakiki hizo mbili, ya mlinganyo na ya mwanzo, zinatosha, hadi nilipokutana na dy/dx = y², y(0) = 1, nikaulizwa y kwenye x = 2. Nilipata −1/y = x − 1, yaani y = 1/(1 − x). Mwanzo: 1. Mteremko: 1/(1 − x)², sawa kabisa na y². Nikajibu −1, nikakosa.

Nilipoupanga mkunjo kwa namba nililiona. Kwenye x = 0.9, y ni 10. Kwenye 0.99, ni 100. Jibu linaloanzia 1 linapaa bila kikomo kadiri x inavyokaribia 1, na halivuki. Ile −1 ya kwenye x = 2 iko kwenye kipande kingine cha fomula, upande wa pili wa pengo, na sharti letu la mwanzo halina habari nacho. Jibu sahihi lilikuwa kwamba y haifiki x = 2. Siku hizi chini ya jibu kama hilo naandika y = 1/(1 − x), kwa x < 1, na ile x < 1 naiandika kabla sijasoma swali linataka y ya wapi.