Mchuma janga, na bibi aliyesema "mimi ndo wa kwao"

Kuna kazi moja ya kutafsiri nilifanya miaka kadhaa nyuma ambayo mpaka leo nikiiona methali tu kwenye karatasi naikumbuka. Ilikuwa kitabu kidogo cha simulizi za wanawake, wamehojiwa kwa Kiswahili, maneno yao yamechapwa jinsi walivoyasema, alafu mimi niyapeleke Kiingereza. Mhariri alikuwa hajui Kiswahili kabisa, yeye anasoma tafsiri yangu tu, kwa hiyo kila nilichokosea kingebaki hivyo hivyo maana hana pa kulinganisha.

Simulizi ya nne ilikuwa ya bibi mmoja, fundi wa kushona. Mwanae alichukua mkopo kwa siri na akaweka cherehani ya mama yake dhamana, hela zikapotea kwenye biashara ya watu aliowaamini, siku moja wakaja watu wakaibeba ile cherehani bibi akiwa katikati ya kushona nguo ya mteja. Anasema nguo waliichomoa kwenye sindano wakamwachia mkononi, uzi unaning'inia. Baada ya hapo kwenye mahojiano kuna mstari unasema: "Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Na mimi nimelila. Mpaka leo nalitafuna."

Nilivofika hapo sikuhangaika. Nilishatafsiri methali moja ya huyo huyo bibi kurasa mbili nyuma, alisema haraka haraka haina baraka akielezea mteja aliyetaka nguo siku hiyo hiyo, nikaweka "More haste, less speed", ikakaa vizuri na hata leo nisingeibadilisha, maana pale methali inapita tu, hakuna kitu kimeifuata kinachoitegemea. Kwa hiyo na hii nikafanya vile vile, nikatafuta msemo wa Kiingereza unaofanana, nikaandika "You reap what you sow" nikaendelea. Hiyo sentensi ya pili, na mimi nimelila, ikanisumbua kidogo kwa sababu sasa hakuna kitu cha kula, nikaigeuza ikawa na mimi nimeteseka, na ile ya kutafuna nikaandika bado nateseka. Nikaona imekaa.

Mhariri aliniandikia baada ya siku chache. Aliisifu simulizi, ila aliweka swali pembeni ya huo mstari, kwamba kwa nini huyu mama anakuwa mkali kwa mwanae ghafla hivi, mbona ukurasa mzima alikuwa anamwonea huruma, alafu mbona anamwambia amevuna alichopanda wakati aliyepoteza cherehani ni yeye mama? Yani mtu asiyejua neno moja la Kiswahili alinusa kwamba hapo pana kitu hakijakaa sawa. Nilisoma lile swali nikaona joto usoni.

Kwa sababu alikuwa sahihi. Kuvuna ulichopanda ni habari ya mtu mmoja, aliyepanda ndo anayevuna, hesabu inaishia kwake. Mchuma janga inasema kinyume chake, kwamba aliyechuma ni mmoja lakini wanaokula ni wengi na hao wengine hawakuchuma chochote. Na kitu ambacho kilitakiwa kinishtue tangu mwanzo ni kwamba hiyo ya kuvuna na Kiswahili tunayo, kila mtu anasema utavuna ulichopanda, ipo na kwenye Biblia kwa Wagalatia. Bibi angetaka kusema hivyo angesema hivyo. Alikuwa na misemo yote miwili mkononi akachagua huu, mi nikaenda nikamwekea ule mwingine mdomoni.

Tangu hapo nina kipimo kimoja nakitumia kila nikitaka kuweka msemo wa Kiingereza badala ya methali yetu, naurudisha Kiswahilini bila kuangalia nilikotoka, nione nitatua wapi. Ukirudi ukatua kwenye methali nyingine, basi huo sio mwenzake. Haste na speed ukirudisha unatua pale pale kwenye haraka na baraka. Reap na sow ukirudisha unatua kwenye kupanda na kuvuna, mbali kabisa na janga.

Nikajaribu kutafuta mwingine. Waingereza wana ule wa tunda moja bovu kuharibu pipa zima, lakini ule ni ndugu wa samaki mmoja akioza wote wameoza, unahusu tabia kuambukiza, na bibi hakuambukizwa tabia. Wana ule wa dhambi za baba kuwafikia watoto, huo unakaribia, ila unashuka tu, kutoka kwa mzazi kwenda chini, wakati huku balaa lilipanda kutoka kwa mtoto likamkuta mama. Methali yetu haijali kupanda wala kushuka, wote mliopo kwenu mnakula. Nikakubali kwamba wa kufanana haupo.

Nikaenda upande wa pili, nikaweka tafsiri ya neno kwa neno na maelezo chini ya ukurasa. Maelezo yenyewe yalikuwa mistari sita! Nilieleza kuchuma ni nini, janga ni nini, familia zetu zinaishije, methali inatumika lini, kila kitu. Mhariri akajibu kwa upole kwamba msomaji akifika hapo ndo machozi yanamlenga, alafu anashuka chini ya ukurasa kusoma somo, akirudi juu bibi ameshapoa. Hilo nalo nililielewa nilipolisoma kwa sauti, nikasoma methali, nikashuka nikasoma mistari sita, nikapanda kusoma na mimi nimelila, na kweli sikuwa nakumbuka ni nini kililiwa.

Hapo ndo nikaamua kumpigia bibi mwenyewe, namba yake alinipa aliyemhoji baada ya kumwomba ruhusa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, we ndo unayeandika kizungu?"

Nikamwambia ndo mimi, nikamwomba anisaidie kitu kimoja, pale aliposema mchuma janga hula na wa kwao, alikuwa anamsema mwanae? Alinyamaza kidogo. Akasema, "Simsemi mtu. Mimi ndo wa kwao."

Yani hakuongeza neno. Nilikuwa natafuta mstari unamlaumu nani, kumbe kwa bibi ule mstari ulikuwa unaeleza yeye yuko wapi, amekaa mezani na mwanae, anakula alicholeta. Ndo maana sentensi inayofuata ni na mimi nimelila. Kiswahili kinaishikilia kabisa kwa sarufi, lile li katikati ya nimelila ni janga lenyewe, haliwezi kuwa kitu kingine, na li la nalitafuna ni lile lile tena. Sentensi tatu zimefungwa kwa kamba moja na kamba hiyo ni kula. Mi nilipoiondoa picha ya kula kwenye ile ya kwanza nilizikata zote tatu, ndo maana nikalazimika kuweka nateseka nateseka. Kwa hiyo swali la kutafsiri neno kwa neno au kuweka msemo unaofanana halikuwa tena suala la ladha yangu, ni lazima pawe na kula kwenye Kiingereza, basi.

Jioni ile nikaanza upya, neno kwa neno. Nilianza na "He who" kama vitabu vingi vinavofanya kwenye methali zetu, nikaiacha kwa sababu mbili. Kwanza inanukia Biblia ya zamani, na bibi hakuwa anahubiri. Pili inaleta mwanaume, wakati mchuma ni yeyote, na hula haina hata kiambishi cha mtu, ni hu tu, maana yake ndo kawaida ya mambo. Nikaweka "Whoever". Kwenye kuchuma, neno la kuchuma tunda kwao ni "pick", ila "picks trouble" msomaji ataiona kama mtu anayechokoza ugomvi, nikachukua "gathers", ambalo angalau lina mikono inayookota na kurudi nyumbani na kitu. Janga nikaliweka "trouble" na hapo nilipoteza, sitaki kudanganya, janga ni zito kuliko hivo, siku hizi hata ugonjwa unaofunga dunia tunauita janga. Lakini nilijaribu neno zito na sentensi ikaanza kuongea kama taarifa ya habari. Nikaona uzito wake ataubeba yule mtu anayeichomoa nguo kwenye sindano, ipo mistari mitatu tu juu.

Wa kwao ndo ilinikalisha zaidi. Kwao ni kwa wengi hata kama mchuma ni mmoja, sisi hatusemi nyumbani kwake tukimaanisha alikotoka, tunasema kwao, na Kiingereza hakina kitu kama hicho. "His kin" ingerudisha yule mwanaume niliyemtoa, na pia ni neno la vitabuni. Mwishowe nikaandika hivi:

"The old people say, whoever gathers trouble eats it with the family. I have eaten it too. I am still chewing."

Nikafanya kipimo changu, nikairudisha Kiswahilini. Ikatua kwenye janga.

Kilibaki kitu kimoja ambacho hakikuweza kuingia mle ndani, kwamba kuchuma kwetu ni tunda na pia ni riziki, ndo kile kile cha mchumia juani hulia kivulini. Hapo ndo ukali wote wa methali ulipo, huyu mtu alitoka kwenda kuchuma kama wachumaji wengine, nyumbani wakamsubiri, na hicho ndo alichorudi nacho. Mwanae bibi alikopa ili apate, sio ili aharibu. Nilimwomba mhariri nafasi ya maelezo, sio chini ya ukurasa, nyuma kabisa ya kitabu, bila hata kialama kwenye mstari, anayetaka atayakuta na asiyetaka hasumbuliwi. Akanipa sentensi moja. Nikaandika kwamba kitenzi kilichotumika kwenye methali hii kinasemwa kwa kuchuma matunda na pia kwa kupata riziki. Hiyo tu, ile mistari sita yote nikaifuta.

Kabla ya kutuma nilimpigia tena bibi, nikamsomea kwa Kiswahili kile nilichoandika kwa Kiingereza, polepole, kwamba yeyote anayechuma balaa hulila na familia, nami nimelila pia, bado natafuna. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ndo hivo hivo," akasema. Alafu akauliza, "Na cherehani umeandika?"

Nikamwambia ipo bibi, na ile nguo pia, na uzi.