Siku moja maishani mwangu: ninayelowesha raba kwenye toluini

Watu wakisikia nafanya kazi maabara ya kiwanda cha raba, wanadhani nakaa na darubini siku nzima. Kwa kweli nakata vipande vidogo vya raba, navilowesha kwenye kiyeyushi kiitwacho toluini, navipima uzito, kisha nakaa na hesabu. Nimeandika siku ya Alhamisi iliyopita kama ilivyokwenda.

Saa 11:00 alfajiri. Naamka. Daladala kutoka Gongo la Mboto ikichelewa kidogo tu foleni ya Barabara ya Pugu inakumeza, kwa hiyo chai nainywea kazini.

Saa 1:30 asubuhi. Nasaini, navaa koti, glavu na miwani, nawasha kabati la kufyonza hewa na kiyoyozi. Chumba lazima kitulie kwenye nyuzi 25, kwa sababu kiasi cha toluini ambacho raba inaweza kunywa hubadilika na joto. Nawasha na mizani, ipate muda wa kutulia.

Mezani kuna mitungi ya kioo cha rangi ya kahawia tangu Jumatatu. Ndani yake kuna vipande kutoka kwenye mito ya raba, ile minene yenye umbo la mkebe, ya kipenyo cha milimita 50 na urefu huohuo inayowekwa chini ya chekecheo la nafaka ili mtetemo usipasue sakafu. Mteja amerudisha mzigo: mito imebonyea baada ya muda mfupi. Msimamizi wa presi, mashine inayoipika raba kwa joto na kuikandamiza, anasema haiwezekani, maana ugumu uliopimwa ni 40 kwa kipimo cha Shore A, kama karatasi ya kazi inavyotaka.

Jumatatu niliupasua mto mmoja katikati kwa wembe. Nilikata vipande vya unene wa milimita 2, vingine karibu na ngozi ya nje, vingine kwenye kiini kabisa. Kipima ugumu kinagusa ngozi tu. Mimi nilitaka kujua kiini kikoje.

Saa 2:15. Mwanafunzi wetu wa mafunzo kwa vitendo anauliza, "Dada, kwani toluini inajuaje kama raba imeiva?"

Nikamwambia hivi. Raba asilia ni minyororo mirefu ya molekuli iliyojiviringa. Ikiwa mbichi, toluini inaingia kati ya minyororo, inaisambaza, na mwisho raba inayeyuka yote. Ukiipika na salfa, salfa inashona mnyororo mmoja kwa mwingine. Viungo hivyo, ambavyo sisi maabara tunaviita krosilinki, vinazuia minyororo isiachane. Toluini inaendelea kuingia, raba inavimba, minyororo inavutwa, na mvuto huo unaisukuma toluini itoke. Nguvu hizo mbili zikilingana, uvimbe unasimama. Krosilinki zikiwa nyingi, raba inavimba kidogo. Zikiwa chache, inavimba sana. Paul Flory na John Rehner waliiandika mizania hiyo kwa hesabu mwaka 1943, na ndiyo tunayotumia mpaka leo.

Saa 2:40. Kupima. Hapa ndipo kazi inapoharibika kirahisi, na hapa sitaki mtu aniongeleshe.

Kipande kikitoka kwenye toluini kimelowa nje pia, na toluini ya nje si sehemu ya uvimbe. Nakishika kwa kibanio, nakigusisha kwenye karatasi ya chujio upande mmoja, nageuza, upande wa pili, mara moja naingiza kwenye kichupa chenye kizibo ambacho uzito wake ninao tayari. Nafunga, napima. Sikandamizi, maana ukikikandamiza unakikamua. Sikawii, maana toluini inaruka. Ukikiweka wazi juu ya sahani ya mizani, tarakimu zinashuka mbele ya macho yako na hujui uandike ipi. Uzito ulioshuka unamaanisha uvimbe mdogo, na uvimbe mdogo unamaanisha krosilinki nyingi kuliko zilizopo. Kwa maneno mengine, mpimaji mzembe huipa raba mbovu cheti.

Kipande cha ngozi: gramu 0.8893. Kipande cha kiini: gramu 1.2596. Nikalinganisha na vipimo vya jana. Tofauti iko chini ya asilimia moja, kwa hiyo uvimbe umesimama. Hatua hii hairukwi. Ukipima siku ya kwanza wakati raba bado inakunywa, fomula itakupa jibu zuri lisilo na maana. Unene nao una neno: ukiongeza unene maradufu, muda wa kungoja unakuwa karibu mara nne.

Vipande vyote vikapelekwa chini ya kabati vipoteze toluini taratibu, kisha oveni ya ombwe nyuzi 70, vikauke kabisa. Uzito mkavu ndio unaoniambia raba iliyobaki ni kiasi gani.

Saa 4:20. Umeme ukakatika.

Jenereta likawaka, lakini jenereta ni la presi. Maabara inasubiri. Kabati la kufyonza halifanyi kazi, na mvuke wa toluini si wa kuchezea: unaumiza kichwa, na unashika moto hata kwenye baridi ya friji. Nikafunika mitungi yote, nikafungua madirisha, tukatoka nje na mwanafunzi. Oveni inapoa na vipande vyangu ndani.

Msimamizi wa presi akanikuta uani. "Dada, majibu?"

"Bado, kaka. Vipande havijakauka."

"Si umeshavipima vikiwa vimelowa? Kiini kimevimba kuliko ngozi, sawa. Sasa niambie ni nani mwenye makosa."

Nikamwambia bado sijui ndani ya uzito ule kuna raba kiasi gani. Akaondoka. Baada ya nusu saa akarudi na kipima ugumu mkononi, akakibonyeza kwenye mto mzima mbele yangu: 40. Akabonyeza tena upande mwingine: 41. Nikakubali kwamba namba ni sahihi. Nikamwomba abonyeze kwenye uso niliokata katikati. Hakutaka. Akasema mteja ana mtu wake mapokezi tangu asubuhi na anataka karatasi leo. Akarudi tena saa sita kasoro. Kila akija, swali ni lile lile, na mimi sina jingine la kumjibu. Nilichoka na yeye kuliko nilivyochoka na kusimama, na ninamwelewa: mzigo wote uko kwenye jina la zamu zake.

Umeme ukarudi mchana, nilipokuwa nakula wali maharage nikiwa nimesimama. Kuwasha mizani, kusubiri itulie. Kuwasha oveni, kusubiri ifike 70. Kupima, kurudisha, kupima tena, mpaka uzito ugome kushuka. Mchana wote ulikwenda hivyo, na sampuli za kawaida za mchanganyiko wa leo zikiingia na kutoka katikati yake.

Karibu saa 12 jioni vipande vikatulia.

Kipande cha ngozi kilianza na gramu 0.2000, kikakauka kwenye 0.1944. Cha kiini kilianza na 0.2050, kikakauka kwenye 0.1943. Kabla ya fomula yoyote, hapo pana habari. Ngozi imepoteza asilimia 2.8, ambayo ni karibu sawasawa na asidi ya stearini na kinga ya uzee tuliyoweka kwenye mchanganyiko. Vitu hivyo havijafungwa na toluini huvichukua. Kiini kimepoteza asilimia 5.2. Ziada hiyo ni salfa ambayo haikupata kazi na minyororo ambayo haikushonwa popote.

Kisha nikatoa oksidi ya zinki, asilimia 4.5 ya uzito wa mwanzo, maana ile ni unga, haivimbi. Kwa kiini inabaki gramu 0.1851 za raba. Ukigawa kwa msongamano wa 0.92 ni sentimita za ujazo 0.2012. Toluini iliyokuwa ndani ni 1.2596 kutoa 0.1943, yaani gramu 1.0653, ukigawa kwa msongamano wake wa 0.862 ni sentimita za ujazo 1.236. Sehemu ya raba ndani ya kipande kilichovimba, Vr, ni 0.2012 kugawa kwa jumla ya hizo mbili: 0.14. Kwa ngozi, njia hiyohiyo inatoa 0.20. Vr hizo zinaingia kwenye mlinganyo wa Flory na Rehner:

```
ν = −[ln(1 − Vr) + Vr + χ·Vr²] / [V1·(Vr^(1/3) − Vr/2)]
```

ν ni moli za minyororo iliyofungwa kwa kila sentimita ya ujazo. V1 ni ujazo wa moli moja ya toluini, sentimita za ujazo 106.9. χ inaeleza raba na toluini zinavyopatana. Kwa raba asilia natumia 0.39. Juu ya mstari namba zinakaribia kufutana, kwa hiyo usikate desimali mapema, na χ ikisogea kidogo jibu linasogea sana. Ndiyo maana namba tupu ya maabara nyingine siilinganishi na yangu kabla sijaona χ yao.

Ngozi: moli 1.46 × 10⁻⁴ za minyororo iliyofungwa kwa kila sentimita ya ujazo. Kiini: 0.66 × 10⁻⁴. Chini ya nusu. Mto huu ni kama andazi lililoiva nje na kubaki bichi katikati.

Sababu haikuwa mbali. Raba hupitisha joto polepole mno, na kwenye mto wa milimita 50 kiini hufikia joto la presi muda mrefu baada ya ngozi. Karatasi ya kazi inasema nyuzi 150 kwa dakika 45. Nikafungua daftari la presi: mzigo ule ulipikwa zamu ya usiku kwa dakika 30.

Kama mchanganyiko ungekuwa na kaboni nyeusi nisingeuamini mlinganyo huu hivihivi, kwa sababu kaboni yenyewe huishika raba na kuizuia kuvimba, na krosilinki huonekana nyingi kuliko zilizopo. Hapo ningelinganisha tu na kipande cha mchanganyiko uleule kilichopikwa vizuri. Mito hii haina kaboni, na ngozi na kiini vimetoka kwenye mto mmoja, kwa hiyo tofauti ninaisimamia.

Saa 1:40 usiku. Msimamizi bado yupo. Nikamwonyesha daftari, nikamwonyesha mistari miwili ya majibu, wa ngozi na wa kiini. Alikaa kimya, kisha akauliza kama tunaweza kuirudisha mito yote kwenye oveni imalizie kuiva.

Nikamwambia kiini kitaendelea kuiva, lakini ngozi tayari imeshaiva, na raba asilia ikizidishiwa moto krosilinki zake za salfa huanza kukatika na ugumu unashuka. Turudishe mto mmoja tu kesho, niukate, niuloweshe ngozi na kiini, na Jumatatu nitampa jibu. Mpaka wakati huo mzigo usitoke, na mito mipya ipikwe dakika 45 kamili.

"Jumatatu mbali, dada."

"Toluini haiharakishwi, kaka."

Akasaini kuzuia mzigo. Nikampelekea nakala yule mtu wa mteja pale mapokezi, nikamweleza kwa nini mito ilibonyea, nikawahi daladala ya saa mbili na nusu.