Shuka lililokuwa likichomoka usiku: nilivyopanga upya utandikaji na huduma ya jioni hotelini Kigoma

Nilipopewa usimamizi wa vyumba katika hoteli moja ya vyumba 22 hapa Kigoma mjini, upande unaotazama ziwa, lalamiko la kwanza lililonifikia lilikuwa la shuka. Mgeni aliyelala chumba namba 9 alishuka asubuhi akaniambia kwa upole, "Dada, usiku nimeamkia kwenye plastiki." Plastiki yenyewe ni kinga ya godoro. Shuka la chini lilikuwa limechomoka upande wa kichwani na kujikunja mpaka mgongoni kwake. Wiki hiyo hiyo yakaja malalamiko mengine mawili ya namna hiyo, kutoka vyumba vingine.

Hatua iliyozoeleka ilikuwa kumwita mhudumu na kumkaripia kwamba hachomeki vizuri. Niliamua kwanza nishinde naye vyumbani siku mbili, nikiwa na saa na futi ya fundi cherehani. Dada huyo alikuwa na mkono mzuri kabisa. Kona zake zilikaa kama bahasha, yaani shuka linachomekwa kwanza miguuni, kisha ukingo wa ubavuni unashikwa kiasi cha sentimita 40 kutoka kwenye kona, unainuliwa na kulazwa juu ya godoro uwe pembetatu, kipande kinachoning'inia kinachomekwa, ndipo pembetatu inateremshwa na kuchomekwa nayo. Ukipitisha kiganja, hakuna mkunjo. Kosa halikuwa lake.

Nikapima. Godoro letu la tano kwa sita lina urefu wa futi 6, karibu sentimita 183, na unene wa inchi nane, sentimita 20. Shuka likishuka unene huo kichwani na miguuni, zimeshatumika sentimita 223 kabla hata ya kuchomeka chochote. Shuka zetu zilinunuliwa zikiwa na urefu wa sentimita 250. Hapo zinabaki 27, kama 13 kila upande, na kwa shuka jipya hiyo inaweza kupita. Lakini zilikuwa pamba, na pamba ikifuliwa kwa maji ya moto hurudi. Nililotoa kwenye kamba lilikuwa na sentimita 237. Toa 223, zinabaki 14, yaani saba kila upande. Sentimita saba ni upana wa vidole vinne. Mtu mzima akigeuka mara mbili usiku, zimetoka.

Kipimo ninachokitumia tangu siku hiyo ni cha mkono: baada ya kuchomeka, ingiza mkono chini ya godoro. Shuka lazima lifike juu ya kifundo cha mkono wako. Likiishia kwenye vidole, hata kona iwe nzuri vipi, halitafika asubuhi.

Bosi alidhani ninataka kutupa shuka zote, na hakuwa na fedha hiyo. Nilimwonyesha kwamba shuka la juu halichomekwi kichwani. Linaanzia kwenye ukingo wa godoro, linashuka miguuni, linachomekwa huko tu. Kwa kazi hiyo, shuka la sentimita 237 linatosha kabisa: 183 za godoro, 20 za unene, 20 za kuchomeka, na 14 za kukunjia juu ya blanketi. Kwa hiyo tulishona shuka za chini pekee, urefu wa sentimita 280, ambazo hata zikirudi sentimita 14 zinaacha zaidi ya 20 za kuchomeka kila upande. Shuka za zamani zote zikawa za juu. Ili zisichanganyike dobini, fundi alipitisha uzi mwekundu kwenye kona moja ya kila shuka la chini.

Hilo lilimaliza malalamiko ya kichwani. Yakabaki ya ubavuni, nayo yalinisumbua kwa sababu upana wa shuka haukuwa na tatizo. Nilikuja kugundua kwa kuangalia ni ubavu upi: kila mara ulikuwa upande wa taa, upande mgeni anakoshukia. Chanzo kilikuwa chandarua. Wahudumu wa jioni walikuwa wakikichomeka kwa nguvu chini ya godoro pande zote nne. Mgeni akiamka kwenda msalani gizani hukivuta ili atoke, na shuka lililobanwa pamoja nacho linatoka. Sasa tunachomeka pande tatu. Upande wa kushukia tunauacha uning'inie mpaka chini, mgeni akishaingia anauchomeka mwenyewe, na tumemwandikia hivyo kwenye kikaratasi. Shuka likitoka kichwani au miguuni, pima urefu. Likitoka ubavu mmoja tu, tazama chandarua.

Muda ulikuwa jambo lingine. Chumba ambacho mgeni ameondoka kilikuwa kikichukua dakika 48 kwa wastani wa vyumba kumi nilivyopima, na 13 kati ya hizo ziliishia kitandani. Nilihesabu mhudumu anavyozunguka kitanda: mara saba. Shuka la chini kulia, kisha kushoto, shuka la juu kulia, kisha kushoto, na blanketi vivyo hivyo. Tulibadilisha tukawa tunamaliza upande mmoja wote. Unaanza kichwani, unatandaza vyote vitatu, unashuka unachomeka, unafunga kona ya miguuni, ndipo unahamia upande wa pili na kupanda nao mpaka kichwani. Ni mzunguko mmoja.

Mzunguko huo hauwezekani kama shuka halikai katikati kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo nilipokwenda kumwona mama wa dobi. Yeye ni mkubwa kwangu sana, na amekunja shuka tangu mimi sijaanza kazi. Nilimwamkia, nikakaa naye chini, nikamsaidia kukunja kabla ya kusema neno. Alikuwa akikunja shuka kama watu wengi wanavyokunja nyumbani, likiwa dogo na zuri rafuni, lakini mistari yake haionyeshi kitu. Nilimwomba alikunje mara mbili kwa urefu kwanza, ukingo juu ya ukingo, kisha ndipo alikunje kwa upana, na pindo pana la kichwani liwe nje.

"Na hilo litakusaidia nini, mwanangu?"

"Mama, mstari wa katikati utakuwa umejichora. Nikiuweka mstari huo katikati ya kitanda, pande zote zinashuka sawa, sihitaji kuvuta."

Alilitandaza moja mezani, akapitisha kidole kwenye mstari, akasema, "Basi nilikuwa nawachelewesha bila kujua." Kuanzia kesho yake zilikuja hivyo. Yeye ndiye aliyeongeza la pili: kila kitanda kifungwe furushi lake, shuka la chini, la juu na foronya, ili mhudumu asirudi stoo. Lingine alilonikumbusha ni kwamba shuka la juu litandikwe uso wa ndani juu. Likikunjwa juu ya blanketi, ule upande mzuri wenye pindo ndio unaoonekana. Upana wa mkunjo huo kwetu ni zile sentimita 14, na mdomo wa foronya unatazama mbali na mlango.

Baada ya wiki tatu kitanda kilishuka hadi dakika sita, na chumba kizima hadi 36. Kwa mgeni anayeendelea tunatumia dakika 20. Sikutaka kwenda chini ya hapo. Nilijaribu kuwabana wafike 30, nikaona wameanza kuruka ukaguzi wa mishono ya godoro, ambako kunguni hujificha, na vidoa vyao vyeusi huonekana mapema kama mtu atainua kona na kutazama. Dakika hizo sita nimeziacha.

Huduma ya jioni ndiyo iliyonifundisha kwamba mwongozo wa sehemu moja haufai kuhamishwa mzimamzima. Niliukuta umeandikwa kwamba kazi ianze saa kumi na mbili na kila chumba kipewe dakika sita, mzunguko mmoja. Kigoma tuko magharibi kabisa ya nchi, na jua letu huzama karibu saa moja. Wageni wetu wengi wanatoka Gombe kwa boti, wanarudi jioni wakiwa na jasho na vumbi, wanataka kuoga. Saa kumi na mbili tunagonga mlango, mgeni yuko bafuni. Tukisubiri waende kula, giza limeshaingia, madirisha yako wazi kwa ajili ya upepo wa ziwani, na mbu wameshaingia. Unateremsha chandarua na kuwafungia mbu ndani pamoja na mgeni.

Tukaigawa mara mbili. Mzunguko wa kwanza unaanza saa kumi na moja, kabla ya boti: dakika mbili kwa chumba. Unafunga madirisha yasiyo na wavu, unakagua chandarua kwa kukinyoosha kuelekea kwenye mwanga ili matundu yaonekane, unakiteremsha na kuchomeka zile pande tatu. Kwa vyumba 16 vyenye wageni ni kama dakika 32. Mzunguko wa pili ni wakati wa chakula, kuanzia saa moja na nusu: dakika nne. Hapo unaondoa kitambaa cha juu na kukikunja kabatini, unakunja kona ya shuka na blanketi upande wa taa iwe pembetatu, ndala zinawekwa juu ya kizulia, mapazia yanafungwa, taa ndogo inawashwa, taulo lililolowa linabadilishwa, kapu linamwagwa. Chandarua kikiwa kimeshateremshwa, upande ulioachwa unaupandisha juu ya mkono wako ukikunja kona, kisha unauachia.

Vitu vya mgeni nilivipunguza. Chupa mbili za maji na glasi mbili zilizofunikwa, sabuni mpya ikiwa ile imelowa na kuisha nusu, karatasi ya chooni, na kikaratasi cha saa za kifungua kinywa na boti ya kesho. Peremende ya juu ya mto niliiondoa mwezi wa kwanza. Ndani ya chandarua sisimizi walikuwa wakiifuata kabla mgeni hajamaliza kula.

Mlango wenye kibao cha "usisumbue" hatugongi. Maji na kikaratasi vinaachwa mapokezi, na mhudumu anaandika namba ya chumba na saa, ili asubuhi nijue chandarua cha chumba hicho kiliteremshwa na nani.

Kinachonisumbua bado ni masika. Seti tatu kwa kila kitanda, moja kitandani, moja dobini na moja stoo, zinatosha kiangazi. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo kamba hazikauki, na shuka zenye uzi mwekundu ndizo zinazoisha kwanza. Fundi ameshapewa kitambaa cha seti ya nne, na nimemwambia apime 280 kabla ya kukata.