Usiku wa Tarehe 12

"Baba, usiku wa tarehe 12 ulilala wapi?"

Swali hilo ningeulizwa nyumbani, ningejua pa kuanzia kujitetea. Lakini niliulizwa ofisini, Mikocheni, saa nne asubuhi, na mhasibu wetu, mama mmoja mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Mbele yake kulikuwa na fomu yangu ya madai na risiti nilizozibandika kwa uangalifu kwenye karatasi nyeupe. Nikamjibu bila wasiwasi: "Tukuyu, mama."

"Mbona risiti hii inasema ulikuwa Mbeya mjini?"

Ilikuwa Machi 2019. Nilikuwa nimetoka safari ya kikazi wilayani Rungwe kutembelea vikundi vya akina mama tuliokuwa tukiwafuatilia. Wenzetu wa serikalini wakisafiri hupewa posho ya kujikimu. Kiwango kinajulikana, na anayejibana akalala gesti ya bei ndogo, kinachobaki ni chake. Kwetu haikuwa hivyo. Chakula kilikuwa na posho yake, lakini nauli na malazi vililipwa kwa gharama halisi, maana yake ulichotoa mfukoni ndicho unachorudishiwa, na ushahidi wake ni risiti. Kwa kawaida ungepewa masurufu kabla ya kuondoka, ukirudi unafanya marejesho. Safari ile masurufu hayakutoka, kwa sababu mwenye sahihi ya pili kwenye hundi naye alikuwa safarini. Nikaambiwa niende kwa fedha zangu kisha nidai. Fedha zenyewe, niseme ukweli, zilikuwa za ada ya mtoto.

Kwa hiyo safari ilikuwa hivi. Jumapili tarehe 10 nilichukua teksi alfajiri hadi stendi ya Ubungo, nikapanda basi, usiku nikawa Mbeya. Nikalala Mbeya usiku wa tarehe 10 na wa 11, kwa kuwa Jumatatu nzima nilikuwa na kikao mjini. Jumanne tarehe 12 nikapanda kosta kwenda Tukuyu, nikalala huko siku mbili. Alhamisi tarehe 14 nikarudi Mbeya, nikalala pale pale nilipolala mwanzo, na Ijumaa tarehe 15 nikapanda basi la kurudi Dar. Malazi ya Mbeya yalikuwa 40,000 kwa usiku, ya Tukuyu 30,000. Mtu akinisimulia safari kama hiyo sioni pa kujikwaa. Karatasi ndizo zilizosimulia vingine.

Asubuhi ya tarehe 12, nilipokuwa nikilipia siku zangu mbili za kwanza, dada wa mapokezi aliniambia karatasi ya mashine ya EFD imekwisha. Kwa kuwa nilikuwa ninarudi baada ya siku mbili, akaniahidi kunipa zote kwa pamoja. Nikaona ni jambo jema, risiti moja badala ya mbili. Tarehe 15 alfajiri, huku dereva wa bajaji akipiga honi nje, akanitolea risiti moja: siku 3, shilingi 120,000, tarehe 15 Machi.

Mhasibu akaniwekea kidole hapo. Mtu akilipa tarehe 15 kwa siku tatu, msomaji yeyote atahesabu kurudi nyuma: usiku wa 14, wa 13, wa 12. Halafu kuna stakabadhi ya Tukuyu ya tarehe 14, siku mbili. Nayo ukiihesabu kurudi nyuma unapata usiku wa 13 na wa 12. Kwa hiyo kwa mujibu wa karatasi zangu mwenyewe nilikuwa nimelala vitanda viwili, kwenye miji miwili iliyoachana kama kilomita 70, usiku mbili mfululizo. Na usiku wa tarehe 10 na 11 sikulala popote.

"Mimi ninakuamini," alisema. "Lakini mkaguzi atakapoisoma mwakani, wewe hutakuwepo hapa kumweleza."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba fomu ya madai haiandikwi kwa ajili ya anayekujua. Huandikiwa mtu ambaye atakuja miezi kadhaa baadaye, hajui Tukuyu ni wapi, na kazi yake ni kulinganisha tarehe na tarehe. Kwake yeye, siku mbili zilizopandana si bahati mbaya ya karatasi kuisha kwenye mashine. Ni madai mara mbili.

Na hilo halikuwa la mwisho. Akanigeuzia tiketi ya basi. Kwenye fomu, safu ya saa ya kuondoka, niliandika 06:00. Tiketi iliandikwa kwa kalamu: 12:00. Karani wa basi alimaanisha saa kumi na mbili asubuhi, na mtu wa hapa hawezi kufikiria vinginevyo, kwani enzi hizo basi la Mbeya likiondoka saa sita mchana usiku ungelikuta njiani, na mabasi hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha. Lakini vitabu vyetu vilikaguliwa pia na watu wa mfadhili, na kwao 12:00 ni mchana. Mama akachukua penseli, akaandika kando ya tiketi: "saa kumi na mbili asubuhi", akaweka herufi za jina lake. Tangu siku hiyo kwenye fomu huwa ninaandika saa kwa maneno. Watu hucheka.

Kisha akashika risiti ile ile ya Mbeya, akaipeleka karibu na dirisha. "Hii nayo umeifanya nini?"

Risiti za EFD huchapwa kwenye karatasi isiyotumia wino. Karatasi yenyewe ina tabaka la kemikali linalogeuka jeusi likipata joto la mashine, na gundi ya selotepu hulila tabaka hilo polepole. Mimi nilikuwa nimepitisha selotepu mbili, moja juu na moja chini, ili ishike vizuri. Kwa wiki mbili mistari iliyofunikwa ilikuwa imefifia ikawa ya rangi ya chai ya maziwa, kisha haikusomeka kabisa. Selotepu ya juu ilikuwa imefuta jina la nyumba ya wageni na namba yao ya TIN. Ya chini ilikuwa imefuta jumla. Zilizobaki wazi zilikuwa jina la mji, idadi ya siku, tarehe, saa, na ile namba ya uhakiki iliyo mwishoni kabisa mwa risiti, ambayo nilikuwa sijawahi kuitazama maishani.

Kumbe ndiyo iliyoniokoa. Mama alifungua verify.tra.go.tz kwenye kompyuta yake, akaingiza namba ile pamoja na saa iliyochapwa kwenye risiti, na nakala nzima ikajitokeza: jina, TIN, tarehe, 120,000. Akaichapa, akaiambatisha nyuma ya ile iliyofifia. Kama selotepu ingepita sentimita mbili chini zaidi, sijui tungefanyaje. Akanionya pia kuhusu zile bahasha laini za plastiki, maana nazo zina kemikali zinazofifisha maandishi. Risiti ikae kwenye bahasha ya karatasi, ibandikwe kwa pini kwenye kona isiyo na maandishi, na itolewe fotokopi siku hiyo hiyo uliporudi.

Lakini nakala ya TRA ilithibitisha kiasi tu. Haikusema ni usiku upi.

Nikawapigia Mbeya. Dada wa mapokezi alinikumbuka, nikamweleza shida yangu, akacheka sana, kisha akasema ngoja niangalie kitabu cha wageni. Kile kitabu ambacho kila mgeni hujaza jina, anakotoka, kabila, namba ya kitambulisho, na ambacho wengi wetu hukijaza kwa mwandiko wa kukimbia tukiona ni usumbufu. Nilikuwa nimekijaza mara mbili, kwa sababu mara ya pili nilihesabiwa kama mgeni mpya. Kurasa zote mbili akazipiga picha na kunitumia kwa watsapu: niliingia tarehe 10 nikatoka 12, niliingia 14 nikatoka 15, na sahihi yangu kando. Nikamwomba pia barua fupi yenye muhuri ikieleza kwamba risiti ya tarehe 15 inajumuisha vipindi hivyo viwili. Ilikuja na basi baada ya siku tatu, ndani ya bahasha iliyoandikwa jina langu kwa kalamu nyekundu, nikaifuata Ubungo mwenyewe. Nauli ya kuifuata sikuidai.

Stakabadhi ya Tukuyu, niliyoiogopa zaidi, haikuleta shida yoyote. Ile gesti haikuwa na mashine. Walinipa stakabadhi ya kitabu, ya kuandikwa kwa mkono. Ila mzee mwenye gesti alikuwa mtu wa zamani. Aliandika "usiku wa tarehe 12 na 13 Machi", akaandika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, akagonga muhuri. Karatasi ya mzee huyo ilieleza zaidi kuliko mashine.

Tukajaza fomu upya. Mstari mmoja kwa kila tarehe, si mstari mmoja kwa kila risiti kama nilivyofanya mwanzo, na kila mstari ukapewa namba ya kiambatisho iliyoandikwa pia kwa penseli juu ya risiti yenyewe. Risiti ya Mbeya ikatokea kwenye mistari mitatu, 40,000 kila mmoja, yote ikielekeza kiambatisho namba 3, na barua ikawa 3A. Nauli za basi 90,000, kosta za Tukuyu 6,000, malazi 180,000. Bajaji za Tukuyu, ambazo hakuna dereva aliyewahi kunipa risiti na matope yale sikuwa na ujasiri wa kumdai, zikaingia kwenye fomu ya tamko la malipo yasiyo na risiti: 18,000, kila safari na tarehe yake, kutoka wapi kwenda wapi.

Zilibaki teksi mbili. Ile ya alfajiri 10,000, ikapita. Ya kurudi kutoka Ubungo usiku, 20,000, mama akaikata nusu mbele ya macho yangu. Kanuni yetu ilikuwa kwamba safari moja isiyo na risiti haizidi 10,000.

"Lakini mama, ilikuwa saa nne usiku na mvua inanyesha!"

"Najua, mwanangu. Mvua haina risiti."

Nilidai 324,000, nikalipwa 314,000. Nilikuwa nimewasilisha fomu ya kwanza tarehe 28 Machi, siku moja kabla ya siku zetu 14 za kudai kwisha, na nina hakika kama ningeiwasilisha mapema, hata selotepu isingepata muda wa kula risiti. Fedha ziliingia benki Jumanne, tarehe 30 Aprili. Shuleni walikuwa wameshanipigia mara mbili.

Mwezi Agosti nilirudi Mbeya kwa kazi ile ile. Dada wa mapokezi aliponiona mlangoni, kabla hata ya kunisalimu, aliinama chini ya meza akatoa rola mpya ya karatasi ya mashine, akaninyanyulia juu nione.