Komenti ya "sumu" chini ya picha ya siagi yangu ya karanga

Ilikuwa Ijumaa, saa mbili kasoro usiku, nimekaa jikoni nafunga hesabu za wiki. Simu ikalia mara tatu mfululizo. Chini ya picha ya kopo letu la gramu 400, picha ambayo nilikuwa nimeilipia matangazo ya siku tatu Instagram, mtu alikuwa ameandika: "Hii siagi ni SUMU. Chungu kama mwarobaini. Mtoto kala asubuhi, mpaka sasa anatapika. Tukiwauliza inboksi mnauchuna, mnajua kuposti tu. Hivi hata mmepimwa?"

Natengeneza siagi ya karanga hapa Dodoma pamoja na akina dada wanne. Huku kwetu neno sumu likitajwa pamoja na karanga au mahindi, watu hawalichukulii kama matusi ya kawaida. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na wengi tunakumbuka. Kwa hiyo nilipoisoma ile komenti nilihisi joto limenipanda hadi masikioni, na nikafanya ujinga. Nikajibu palepale: "Mshindani tunakujua, acha kuchafua biashara za watu."

Jibu hilo lilikaa dakika nne tu kabla sijalifuta. Dakika nne zilitosha. Mtu mwingine kabisa, ambaye hata hanunui kwetu, alikuwa ameshalipiga skrinishoti, akaliweka kwenye stori yake na kuandika "hivi ndivyo wanavyojibu wateja." Sasa nilikuwa na malalamiko mawili, na la pili nilijitengenezea mwenyewe.

Mdogo wangu alinipigia simu: "Dada, futa komenti yote, mbloki, lala." Nilishawishika, nisiseme uongo. Ila kwa wakati ule watu kumi na wanne walikuwa wameshajibu chini yake, na wengine walikuwa wanauliza tu, "Jamani ni kweli? Mimi nimempa mwanangu leo." Hao ndio walionizuia. Yule aliyelalamika alikuwa anajua kilichompata. Hawa kumi na wanne, na mamia waliokuwa wanasoma kimya, walikuwa wananitazama mimi. Ningefuta, wangeona pengo mahali walipoona swali.

Kitu cha kwanza chenye akili nilichofanya ni kusimamisha lile tangazo. Nilikuwa nalipa hela kuwapeleka watu wasionijua moja kwa moja kwenye komenti ya sumu. Kisha nikaenda inboksi kutafuta huo ujumbe anaosema. Kwenye orodha ya kawaida haukuwepo, na nilikuwa karibu kusema anadanganya. Nikafungua sehemu ya "Requests", ambako Instagram hutupa ujumbe wa watu usiowafuata. Ulikuwepo, wa saa tatu asubuhi, na picha ya kopo, na maneno ya upole kabisa: "Samahani, siagi hii ina uchungu, ni kawaida?" Chini yake kulikuwa na jumbe nyingine kumi na moja za watu tofauti, nyingine za miezi miwili nyuma.

Basi. Alikuwa ameuliza kwa adabu, akakaa kutwa nzima bila jibu, na mtoto anatapika.

Niliandika jibu kwenye daftari kwanza, kwa kalamu, maana kidole kwenye simu kina haraka. Rasimu ya kwanza ilikuwa na sentensi mbili ambazo karibu kila biashara huandika: kwamba bidhaa zetu ni salama asilimia mia, na kwamba tangu tuanze hatujawahi kupata lalamiko kama hili. Nikazikata zote mbili. Ya kwanza sikuwa na haki ya kuisema, maana kopo lenyewe sijaliona. Ya pili, hata kama ni kweli, humwambia mlalamikaji kwamba tatizo ni yeye. Nilichoandika mwisho ni hiki:

"Pole sana kwa mtoto. Mimi ndiye mwenye biashara. Samahani kwa jibu letu la mwanzo, lilikuwa baya na halikukustahili. Ujumbe wako wa asubuhi uliingia, hatukuufungua, kosa ni letu. Kama bado anatapika tafadhali mpelekeni zahanati sasa hivi, na mchukue kopo mwende nalo. Kopo hilo lina nini bado sijui. Ubavuni, chini ya tarehe, kuna namba ya toleo. Naomba unitumie pamoja na namba yako ya simu inboksi, nakupigia usiku huu huu. Nitarudi hapahapa kusema nilichokikuta."

Kuna jambo nililipima sana pale: sikukiri kwamba siagi ndiyo iliyomdhuru mtoto, na sikukana. Nilikiri yale mawili niliyokuwa na uhakika nayo, yaani ukimya wetu na jibu langu la hovyo. Ukikiri usichokijua, kesho ukikuta sivyo utalazimika kujikana mbele ya watu. Ukikana usichokijua, ni vibaya zaidi.

Akatuma namba. Nikapiga, nikiwa nimejiandaa kuongea na binti wa rika langu kwa jinsi akaunti ilivyoonekana. Sauti iliyopokea ilikuwa ya mama mtu mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Kisha kimya. Kisha: "Ndiyo wewe uliyeniita mshindani?"

"Ndiyo mimi mama. Nisamehe."

Alikuwa anatumia akaunti ya binti yake, na mtoto ni mjukuu. Walikuwa wako njiani kwenda zahanati. Sikumuuliza habari ya siagi mpaka aliponiambia wamefika. Namba ya toleo ikawa 0614, tuliyoisaga wiki tisa nyuma.

Kila toleo tunaweka kopo moja kabatini, gizani, limefungwa, mpaka muda wake uishe. Usiku ule nililitoa la 0614, nikalifungua. Harufu ya karanga, ladha ya kawaida, chumvi kidogo. Asubuhi nikaenda kwa yule mama na kopo langu mkononi. La kwake nililifungua mbele yake, na kabla hata ya kuonja nikajua: harufu ilikuwa ya rangi ya mafuta iliyokauka kwenye kopo, ile inayokukaba puani. Hiyo ni mafuta kuchacha. Mafuta ya karanga yakikaa kwenye joto na mwanga, yakapata hewa, huvunjika na kutoa harufu hiyo na uchungu. Tofauti kati ya kopo lake na langu haikuwa karanga, ilikuwa mahali yalipokaa.

Duka alilonunulia lilikuwa limepanga makopo yetu dirishani, upande wa magharibi, jua la alasiri linayapiga yote. Yanapendeza kweli yakiwa yamepangwa hivyo. Ila kwenye lebo yetu maneno ya "hifadhi mahali pakavu na baridi" yalikuwa madogo kiasi kwamba mimi mwenyewe niliyasoma kwa kuinamisha kopo, na juu ya katoni hatukuandika kitu. Tuliondoa makopo ya toleo hilo kwenye maduka yote matatu, jumla 61, nikarudisha hela.

Lakini kuchacha hakujibu swali la sumu. Sumukuvu haina ladha. Karanga inaweza kuwa tamu na ikawa nayo, na inaweza kuwa chungu isiwe nayo, kwa hiyo kuonja kwangu kote hakukuthibitisha lolote upande huo. Jumatatu nikapeleka maabara sampuli mbili, ya kopo lake na ya kopo la kabatini.

Wakati huo huo, kule kwenye komenti, moto ulikuwa unawashwa na watu wangu. Binamu, mashoga wa chuo, wateja wa zamani. "Huyo katumwa." "Mtoto alikula vingine." Mmoja akafika hadi kumtajia yule mama mtaa anaokaa. Nilipiga simu moja moja nikiwaomba wafute. Ile ya mtaa niliifuta mwenyewe papo hapo, na ukiacha lile jibu langu la mwanzo, ndiyo komenti pekee niliyoifuta katika sakata zima. Jirani mwingine, anajiona wakili, akanishauri nimtishie mama kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Nilimwangalia tu. Mtu kakuletea kopo lililochacha, wewe unamtafutia polisi.

Mtihani mkubwa ulikuwa mwingine. Jumapili mama alinipigia: mjukuu anaendelea vizuri, na zahanati wamesema kilichomtapisha ni kitu tofauti kabisa, si chakula. Alinitajia. Ningeandika sentensi hiyo moja tu chini ya komenti yake, mjadala ungekwisha. Sikuiandika, na hata hapa siutaji ugonjwa. Ni habari ya afya ya mtoto wa watu, sikupewa niitumie kujisafisha, na lingekuwa kama kumwambia bibi yake mbele ya umma kwamba kasingizia.

Jumatatu jioni nikarudi kama nilivyoahidi. Sikuweka jibu chini ya komenti yake, maana akiifuta yeye, majibu yote yaliyo chini yake hupotea pamoja nayo, na wasomaji wangebaki na skrinishoti tupu. Nikaandika komenti yangu mwenyewe kwenye picha ileile, nikabonyeza "Pin" ikakaa juu: kopo la toleo 0614 tumeliona, mafuta yamechacha kwa jua, sisi hatukuelekeza vizuri jinsi ya kulihifadhi, makopo 61 tumeyatoa, mwenye toleo hilo arudishe, apewe hela hata kama amekula nusu, sampuli ziko maabara. Watu wakauliza ni duka gani. Nilijibu mara moja tu, kwamba mzigo ni wetu na sitamtaja mwenye duka.

Majibu yalipotoka, sampuli zote mbili zilikuwa chini ya kiwango cha Afrika Mashariki, ambacho ni sehemu 10 kwa bilioni kwa sumukuvu zote kwa pamoja. Nikaposti picha ya karatasi, nikiandika "chini ya kiwango" kama ilivyo, si "hakuna kabisa". Watu tisa walirudisha makopo. Makopo ya wawili kati yao, nikiyanusa, hayakuwa na shida yoyote. Niliwalipa vilevile.

Yule mama hakufuta komenti yake, wala sikumwomba. Chini yake aliongeza maneno mawili: "Wamekuja, tumeongea." Lebo mpya ina jua lililopigwa mstari, kubwa, na kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine mmoja wetu hufungua ile "Requests". Wiki iliyopita nilipita kwa yule mwenye duka nikakuta kopo moja liko tena dirishani. "Moja tu, dada, la kuvutia wateja." Nililinunua, na tangu siku hiyo namletea kopo tupu lenye lebo.